Kuseti grinda pwani: espreso ya asubuhi na ya jioni iwe na ladha moja

Mhadhara kwa wenye migahawa midogo ya kahawa, Ziwa la Ng'ombe, Mombasa

 

Watu wa pwani tulikuwa wanywaji wa kahawa kabla mashine ya espreso haijafika. Kahawa chungu ya dele twaijua, na mnywaji wake akionja kikombe kimoja hukuambia kama kahawa imeungua, imelala au imetiwa maji mengi. Kahawa ile humpa mpishi nafasi. Hukaa juu ya makaa, ikatiwa tangawizi, na ikiwa nyepesi huongezewa unga ikachemka tena. Espreso haikupi nafasi hiyo. Maji ya moto ya nyuzi 92 hadi 96 husukumwa kwa nguvu ya baa 9, karibu mara tisa ya mgandamizo wa hewa tunayoivuta hapa, yapite ndani ya tonge dogo la unga kwa muda wa nusu dakika hivi. Shoti ikishaanguka kikombeni imeshaamuliwa. Kwa hivyo kazi yote hufanywa kabla ya kubonyeza swichi, na kazi hiyo ndiyo vijana wa migahawa waiitayo kuseti.

Leo nina neno moja tu, na mengine yote yatakuwa maelezo yake. Uzito wa unga unaoingia na uzito wa kahawa inayotoka viwekwe mahali, visiguswe. Kinachosogezwa ni grinda peke yake. Saa hutoa ushahidi, na ulimi ndio unaohukumu.

Tuanze na kile kinachotokea ndani ya mpini. Punje ya kahawa iliyokaangwa ina vitu vinavyoweza kuyeyuka majini, takriban asilimia 30 ya uzito wake. Hatuvitaki vyote. Mafundi wengi hulenga asilimia 18 hadi 22. Ukitia unga gramu 18 na kuchukua asilimia 20, ndani ya kikombe mna gramu 3.6 za kahawa yenyewe, na kilichobaki ni maji. Ugomvi wote wa ladha unahusu gramu hizo tatu na ushei: ni zipi zilizotoka, na ni zipi zilizobaki katika tonge.

Hazitoki kwa pamoja. Hufuatana kama tui la nazi, la kwanza zito, la pili jepesi, la mwisho maji matupu. Hili mwaweza kulijaribu wenyewe kesho. Chukueni vikombe vitatu, na shoti moja ikitoka badilisheni kikombe kila baada ya sekunde kumi. Cha kwanza kitakuwa kizito, kichachu, chenye kichumvi kwa mbali. Cha pili kitakuwa na utamu. Cha tatu kitakuwa chepesi, kichungu, na huacha ukakasi mdomoni. Hakuna kimoja kati ya vitatu kinachonyweka vizuri peke yake. Vichanganyeni, na ghafla ni kahawa. Uchachu wa mwanzo huhitaji utamu wa katikati, na uchungu kidogo wa mwisho huupa mwili. Shoti iliyokatwa mapema, au iliyopita haraka mno, hubaki na cha kwanza tupu. Iliyokawia mno huzidiwa na cha tatu.

Sasa tulifungue duka pamoja, kwa mfano. Tuseme ni duka dogo hapa Ziwa la Ng'ombe, kwenye njia ya watu wanaotoka Kongowea na wanaoelekea Bamburi. Lina mashine ya kichwa kimoja, grinda moja, mizani ndogo inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, na mfuko wa kilo moja wa kahawa ya Nyeri, daraja la AB, iliyokaangwa wastani siku kumi zilizopita.

Siku kumi nimezitaja makusudi. Kahawa ikitoka kaangoni hubeba hewa ya kaboni dioksaidi ndani ya punje. Ikisagwa siku ya pili au ya tatu, hewa hiyo hutoka kwa fujo, huyazuia maji, na shoti moja haifanani na nyingine. Iacheni ipumzike juma moja hadi mawili ndani ya mfuko wenye kitundu cha kutolea hewa. Anayeseti kwa kahawa ya jana ataseti tena keshokutwa, kisha tena.

Hatua ya kwanza ni kuchagua uzito wa unga, na kikapu ndicho kinachochagua. Kikapu kilichotengenezwa kwa gramu 18 kipewe gramu 18, kisizidi wala kupungua kwa zaidi ya gramu moja. Mkitaka kuhakikisha, shindilieni unga, wekeni sarafu ya shilingi juu yake, fungeni mpini kwenye mashine kisha mfungue bila kupitisha maji. Sarafu ikiwa imezama na kuacha alama, unga umezidi: unagusa chujio la juu, hauna nafasi ya kuvimba, na maji yataupasua. Tukikubaliana gramu 18, basi ni 18 kila kikombe, kwa mizani. Jicho halipimi. Gramu moja ikizidi huweza kuichelewesha shoti kwa sekunde kadhaa, nawe ukadhani grinda imeharibika.

Hatua ya pili ni kuchagua uzito wa kahawa inayotoka. Anzeni na maradufu: unga gramu 18, kikombeni gramu 36. Kikombe kikae juu ya mizani wakati kahawa inadondoka, na mashine izimwe ikifika gramu 34 hivi, kwa sababu matone mawili matatu hufuata baada ya kuzima. Msipime kwa mililita wala kwa mstari wa glasi. Krema ni povu. Kahawa changa hutoa povu jingi na kongwe hutoa kidogo, na glasi itawadanganya nyote wawili, muuzaji na mnunuzi.

Hatua ya tatu ndiyo grinda. Shoti ya kwanza katika duka letu imefika gramu 36 kwa sekunde 16, tukihesabu tangu pampu ilipoanza kulia. Imetoka rangi ya majani makavu, nyepesi, na ulimini inachoma kama inavyochoma chumvi kisha inapotea. Unga ni mnene, maji yamepita mbio. Tunakaza grinda alama mbili. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanakaza, wanasaga, wanaonja, na hakuna kilichobadilika. Unga wa zamani bado umekwama kwenye koo la grinda. Kila unapobadilisha alama, saga gramu chache uzitupe, ndipo upime gramu zako 18.

Shoti ya pili inatoka kwa sekunde 24. Uchachu ungalipo, lakini sasa una utamu nyuma yake. Tunakaza alama moja zaidi, tunatupa unga wa kooni, tunapima. Sekunde 29. Imeanguka kama uzi mwembamba wa rangi ya kahawia iliyoiva, na mdomoni ina ukali wa tunda, kisha utamu unaokaa. Duka la kawaida husimama hapa. Sisi, kwa kuwa tunajifunza, tunakaza tena. Sekunde 38: uchungu umekuja mbele, na ulimi umekauka. Hiyo ndiyo ng'ambo ya pili. Tunarudi alama moja, nasi tumeujua mto wetu una kingo wapi.

Sasa kuna swali ambalo najua mzee mmoja hapa mbele analo, maana ameshaonja. Atasema: hata hiyo ya sekunde 29 ni chachu. Ana haki, na ana sababu. Kahawa ya milima yetu inasifika kwa ukali wake. Aina ya SL28, iliyochaguliwa katika maabara ya Scott huko Kabete miaka ya 1930, ni mashuhuri kwa ukali unaofanana na matunda, na wanunuzi wa ng'ambo wanaipenda kwa hilo. Magunia yake hupita hapa Kilindini yakielekea melini, ilhali ulimi wa Mombasa umelelewa na kahawa iliyokaangwa ikawa nyeusi. Kwa hivyo barista wetu lazima atofautishe uchachu wa aina mbili. Uchachu wa shoti iliyopita haraka ni mkavu, wa kuchoma, hauna utamu na haudumu. Uchachu wa punje yenyewe huja na utamu, nao hubaki baada ya kumeza. Wa kwanza huponywa kwa grinda. Wa pili hauponyeki kwa grinda. Ukijaribu kuukimbiza kwa kukaza, utaongeza uchungu juu ya uchachu na kupata kikombe kibaya mara mbili. Kama wateja wako hawautaki, badilisha kahawa: muombe mkaangaji wako aipeleke mbele kidogo, au achanganye na nyingine isiyo kali.

Kuna dawa moja ndogo kabla ya kubadilisha kahawa. Ikiwa muda ni mzuri na utamu upo, ila ukali unakupita, ongeza uzito unaotoka: gramu 36 ziwe 40. Maji ya ziada yatachukua zaidi kutoka kwenye tonge, na kikombe kitakuwa chepesi kidogo lakini kimesawazika. Ikiwa kinachokusumbua ni uchungu wa mwisho, kata mapema, gramu 32. Ukishachagua, namba mpya nayo iwekwe mahali, isiguswe.

Na muonje katika kikombe mnachouza. Kama wateja wanane kati ya kumi wananunua ya maziwa, espreso tupu haiwezi kuwa hakimu peke yake. Maziwa hufunika ukali na hufunika pia wepesi. Shoti iliyopendeza ikiwa peke yake yaweza kuzama kabisa ndani ya kikombe kikubwa cha maziwa. Wa maziwa huhitaji shoti fupi na nzito, gramu 18 kwa 30 kwa mfano, na grinda moja haiwezi kuwapendeza wote kikamilifu. Mwenye grinda moja achague wengi.

Nimesema kinachosogezwa ni grinda peke yake. Sasa niwaambie lini hata grinda isiguswe.

Kwanza, pale shoti inapokuwa chachu na chungu kwa wakati mmoja. Muda unasoma sekunde 28, uzito ni sawa, na bado kikombe kina kasoro zote mbili. Maana yake maji hayakupita tonge zima. Yamepata mfereji, yakauchosha unga wa mahali pamoja na kuuacha wa pengine haujaguswa. Dalili zake zaonekana: kahawa hurukaruka pembeni, upande mmoja huwa mweupe kabla ya mwingine, tonge likitolewa lina vitundu, na sekunde hubadilika kati ya shoti mbili zilizopimwa sawa. Tiba iko mikononi. Vunjeni madonge ya unga kwa sindano nyembamba, sawazisheni hadi ukingoni, mshindilie wima pasipo kuinamisha mkono. Kushindilia kwa nguvu nyingi hakuongezi kitu baada ya unga kubanana. Kushindilia kwa mshazari ndiko kunakoharibu.

Kukaza zaidi huongeza mfereji huo. Mwaka 2020 watafiti, miongoni mwao Christopher Hendon wa Chuo Kikuu cha Oregon, walichapisha katika jarida la Matter kwamba unga ukisagwa laini kupita kiasi, kiasi kinachoyeyuka kikombeni hupungua badala ya kuongezeka, kwa kuwa maji huacha kupita sawasawa. Anayekaza kila siku akitafuta ladha zaidi ajue kuna mahali njia inageuka.

Pili, baada ya stima kupotea. Hili twalijua sote. Umeme ukirudi, taa ya mashine huwaka na sindano ya mgandamizo hupanda, lakini kichwa cha shaba na mpini bado ni baridi. Mashine ndogo huhitaji karibu nusu saa ili chuma chote kishike moto. Shoti itakayotoka kabla ya hapo itakuwa chachu hata kwa sekunde 29, kwa sababu maji yaliyopoa hayayeyushi vya kutosha. Kijana akiichezea grinda wakati huo, mashine ikishapata moto atakuta kila kitu kichungu, na ataichezea tena. Subirini, mpitishe maji tupu, mpashe mpini moto, kisha muonje.

Tatu, maji yenyewe. Visima vyetu vya bara ya Mombasa vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Karibu na bahari huongezeka chumvi. Chokaa kikizidi huulaza ukali wa kahawa ikawa bapa, kisha hujenga ukoko ndani ya boila na mabomba. Chumvi husikika moja kwa moja kikombeni na huila chuma. Kwa espreso tunatafuta ugumu wa kati, takriban miligramu 50 hadi 175 za chokaa kwa lita, na karatasi za kupimia maji hutosha kuwaonyesha mko wapi. Chujio la kulainisha hupunguza chokaa, lakini chumvi haliiondoi. Kwa chumvi hutakikana mtambo wa kuchuja kwa utando. Na maji yaliyochujwa mpaka yakabaki matupu nayo hayafai: kahawa hupwaya, na baadhi ya mashine hazioni maji hayo kwa kuwa kihisio chake hutegemea madini. Yachanganywe kidogo na ya bomba. Anayenunua mitungi ya mkokoteni apime kila anapobadilisha muuzaji, kwa sababu mitungi ya leo na ya juzi huenda haikutoka kisima kimoja.

Hayo yakishatulia, ndipo tuizungumzie siku yenyewe. Mkiseti saa moja asubuhi mkapata sekunde 29, adhuhuri huenda msome 25 bila ya mtu kugusa kitu. Grinda imefanya kazi na imepata joto. Punje zilizojazwa kwenye hopa zimekaa kwenye hari ya dirishani, hewa yake ya ndani imetoka. Joto la punje hubadilisha namna zinavyovunjika, na zikiwa za moto unga huelekea kuwa mnene zaidi. Ladha itakuwa imeanza kurudi kwenye uchachu. Kazeni alama moja ndogo, mtupe unga wa kooni, mpime. Jioni hari ikipungua, huenda ikabidi kulegeza.

Ili mabadiliko hayo yawe madogo, wekeni kwenye hopa punje za saa mbili tatu tu, na mfuko ufungwe kwa mkazo. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na unga uliosagwa ukaachwa wazi huunyonya, ukashikana, ukapitisha maji kwa kusuasua. Sageni kwa kila kikombe. Anayehifadhi kahawa kwenye friji asifungue mfuko ungali baridi: unyevu wa hewa utageuka matone juu ya punje papo hapo. Autoe, uache upate joto la chumba ungali umefungwa.

Nawasikia wa nyuma wakinong'ona kuhusu hasara. Tuihesabu. Kilo moja ikigawanywa kwa gramu 18 hutoa shoti 55. Kuseti asubuhi kwahitaji shoti tatu au nne, na unga unaotupwa kati ya alama na alama. Tuseme gramu 90. Hizo ni shoti tano za kuuza, na mwenye duka ana haki ya kuzionea uchungu. Kinachozipunguza ni daftari. Kila siku andikeni mstari mmoja: tarehe, kahawa na siku tangu ikaangwe, alama ya grinda, gramu zilizoingia, gramu zilizotoka, sekunde, na maneno matatu ya ladha. Anayefungua duka kesho ataanza pale jana ilipoishia, na mara nyingi shoti mbili zitamtosha. Zamu ya mchana nayo itajua kwamba alama ilisogezwa adhuhuri, na kwa nini.

Mwisho, jueni pa kuacha. Grinda ya bei nafuu, yenye alama zilizoachana, itawarusha kutoka sekunde 25 hadi 33 bila ya kupita katikati. Hapo, na hapo tu, ruhusa ipo ya kusogeza uzito wa unga kwa nusu gramu ili kuziba pengo, na namba hiyo mpya iandikwe. Hata kwa grinda nzuri, shoti mbili zilizopimwa sawa zaweza kupishana sekunde mbili, na mteja hatasikia tofauti. Ikiwa gramu ni sawa na ladha ni ile ile, sekunde 27 na 30 ni kahawa moja. Msiiguse. Ikisoma 22 mara mbili mfululizo, onjeni, angalieni mkono wa aliyeshindilia, angalieni kama stima ilipotea, na mkishaviondoa hivyo ndipo mkono uende kwenye grinda.

 Mashine imeshapata moto. Anayetaka kujaribu vile vikombe vitatu aje mbele.